Akaunti ya sarafu nyingi: lini ubadili fedha ndani yake, lini ubadili kwingine

Mtu anayelipwa kwa dola na kulipa kodi ya nyumba kwa euro ana njia kadhaa za kuzigeuza dola hizo. Anaweza kuiachia benki izibadili zinapoingia, kuzibadili mwenyewe ndani ya akaunti ya sarafu nyingi, kuiachia kadi izibadili wakati wa kulipa, au kuzipeleka kwa wakala anayebadili kiasi kikubwa. Kila njia ina bei yake, lakini bei hiyo haiandikwi mahali pamoja. Sehemu yake huitwa ada, na sehemu nyingine imejificha ndani ya kiwango chenyewe cha kubadilishia. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuifukua bei yote, kisha jinsi ya kuamua.

Akaunti ya sarafu nyingi ni akaunti moja yenye masalio kadhaa yaliyotenganishwa: salio la dola, la euro, la pauni na kadhalika. Fedha ikiingia kwa dola hukaa dola mpaka uiamuru ibadilike. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni hiyo ya kukupa uamuzi. Kiwango kizuri ni faida ya pili, na si kila akaunti ya aina hii inakitoa.

Hatua ya 1: Tafuta kiwango cha kati

Kila jozi ya sarafu ina bei ya kununua na bei ya kuuza katika soko la mabenki, na katikati ya bei hizo mbili kuna kiwango cha kati. Hicho ndicho unachokiona ukiandika USD na EUR kwenye Google au XE. Ni nadra mtu wa kawaida kuuziwa fedha kwa kiwango hicho bila kulipa chochote pembeni, lakini ndicho kipimo cha haki, kwa sababu hakina faida ya muuzaji yeyote ndani yake.

Kichukue dakika ileile unayotazama bei ya benki au ya akaunti yako. Benki Kuu ya Ulaya hutoa viwango vya rejea kila siku ya kazi, karibu saa kumi jioni kwa saa za Ulaya ya Kati. Hivyo vinafaa kwa hesabu za vitabu, lakini ukilinganisha kiwango cha jana jioni na bei ya leo asubuhi utapima mwendo wa soko badala ya kupima gharama.

Hatua ya 2: Hesabu kinachofika, usisome kinachotangazwa

Sahau kwanza maneno "ada sifuri". Uliza mambo mawili tu: kiasi gani kinatoka mkononi mwangu, na kiasi gani kinafika upande wa pili kwa sarafu ninayoitaka. Kisha weka namba kwenye hesabu hii:

```
gharama (%) = (1 - kilichofika / (kilichotoka * kiwango_cha_kati)) * 100
```

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Mfasiri mmoja analipwa dola 2,000 kwa mwezi. Anahitaji euro 1,200 kwa kodi ya nyumba na matumizi, na analipa dola 150 kwa programu za kompyuta anazozitumia kazini. Tuseme kiwango cha kati leo ni 0.92, yaani dola moja ni euro 0.92. Dola 2,000 zake zina thamani ya euro 1,840.

Benki yake ya kawaida, yenye akaunti ya euro peke yake, inazibadili zinapoingia kwa kiwango cha 0.90 na kukata euro 12 za kupokea fedha kutoka nje. Anapata 1,800 kutoa 12, yaani euro 1,788. Ukiweka kwenye hesabu, gharama ni asilimia 2.8.

Akaunti ya kwanza ya sarafu nyingi anayoifikiria inatangaza kubadili bila ada, lakini kiwango chake ni 0.897. Kwa dola 2,000 angepata euro 1,794. Gharama ni asilimia 2.5, karibu sawa na benki aliyotaka kuikimbia. Akaunti ya pili inatumia kiwango cha kati chenyewe na kutoza asilimia 0.5 waziwazi. Huko angepata euro 1,830.80. Wise ni mfano wa mtoa huduma anayefuata mtindo huu wa pili: kiwango cha kati, na ada inayoonyeshwa pembeni kabla hujathibitisha.

Kwa hiyo kuwa na masalio ya sarafu nyingi hakumaanishi kubadili kwa nafuu. Mabenki kadhaa yanakuruhusu kushika dola, euro na pauni, kisha yanakubadilishia kwa kiwango kilekile cha dirishani. Fanya hesabu hii kabla ya kufungua akaunti, na uirudie kila baada ya miezi kadhaa, maana ada hubadilishwa.

Hatua ya 3: Hakikisha fedha inaingia ikiwa bado haijabadilishwa

Hapa ndipo wengi hupoteza bila kujua. Akaunti inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini fedha ikabadilishwa na mtu mwingine kabla haijafika.

Ukifungua salio la dola, angalia umepewa namba za aina gani. Akaunti nyingine hukupa namba za kupokelea za ndani ya nchi inayotumia sarafu hiyo: kwa dola za Marekani ni namba ya benki pamoja na namba ya akaunti, zinazoweza kupokea malipo ya ndani ya Marekani, kwa euro ni IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, inayopokea kwa njia ya SEPA, mfumo wa malipo ya euro barani Ulaya. Malipo ya njia hizi kwa kawaida hufika kamili. Akaunti nyingine hukupa njia ya SWIFT peke yake, yaani mtandao wa kimataifa unaounganisha mabenki. Huko fedha inaweza kupitia benki moja au mbili za kati, na kila moja inaweza kujikatia kidogo njiani. Mlipaji anapojaza fomu ya SWIFT huchagua nani abebe makato: OUR maana yake anabeba yeye, SHA mnagawana, BEN unabeba wewe. Kama mlitaka ankara ya dola 2,000 ifike dola 2,000, andikeni OUR kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Kisha mwambie mlipaji jambo moja kwa maneno yasiyo na utata: atume kwa sarafu iliyoandikwa kwenye ankara. Benki nyingi humwonyesha mtumaji kitufe cha kutuma kwa sarafu ya nchi ya mpokeaji. Akikibonyeza, benki yake ndiyo itakayobadili, kwa kiwango chake, na wewe utapokea euro ambazo hukuziomba. Utalitambua hilo kwa urahisi: fedha imeingia kwenye salio la euro, au kiasi kilichoingia si namba ya mviringo kama ile ya ankara.

Hatua ya 4: Badili unachokihitaji, basi

Rudi kwa mfasiri wetu. Kwa njia ya zamani, dola zake zote 2,000 ziligeuzwa euro siku ileile zilipoingia. Halafu kadi yake ya euro ikalipa programu za dola 150, safari hii kwa kiwango cha 0.945 baada ya ada ya muamala wa kigeni kuingizwa. Zitazame dola hizo 150 peke yake. Aliziuza akapata euro 135. Akazinunua tena kwa euro 141.75. Euro 6.75 zimepotea, karibu asilimia 5, kwa kutoka dola kwenda euro na kurudi dola palepale.

Kwa asilimia, kubadili mara mbili ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika mambo haya, na dawa yake ni kutobadili kabisa. Dola 150 zinalipwa kutoka salio la dola na gharama ya kubadili ni sifuri. Hakuna wakala wala benki inayoweza kushinda bei hiyo.

Sehemu iliyobaki ni euro 1,200. Katika akaunti ya pili, yenye ada ya asilimia 0.5, kila dola inayotoka inaleta euro 0.9154 baada ya ada. Gawanya 1,200 kwa 0.9154, unapata dola 1,310.90. Kwa kiwango cha benki cha 0.90 angehitaji dola 1,333.33 kupata euro zilezile, bado hujahesabu zile euro 12 za kupokelea.

Mwisho wa mwezi, baada ya programu na euro zake 1,200, amebakiwa na dola 539.10. Hata akiamua kuzibadili zote papo hapo, zinampa kama euro 493.50. Kwa njia ya zamani angebaki na euro 446.25. Tofauti ni takriban euro 47 kila mwezi, na sehemu kubwa yake imetokana na kiwango cha kupokelea na ile ada ya euro 12.

Jambo moja la kalenda: soko la fedha za kigeni hufungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni kwa saa za New York na kufunguliwa Jumapili wakati kama huo. Katikati hapo mtoa huduma hawezi kununua sarafu sokoni, kwa hiyo wapo wanaoongeza ada ya wikendi ili kujikinga. Revolut ni mmoja wao. Kama kodi ya nyumba inatakiwa Jumatatu asubuhi, badili Alhamisi.

Hatua ya 5: Ifunze kadi yako itumie salio gani

Kadi iliyounganishwa na masalio mengi hutazama sarafu ya muuzaji, kisha hutafuta salio la sarafu hiyo. Likitosha, hakuna kubadili. Lisipotosha, soma masharti, kwa sababu hapa watoa huduma hutofautiana. Wapo ambao hawachanganyi masalio. Ukiwa na euro 95 na bidhaa ni euro 100, hawachukui 95 na kubadili 5. Wanaziacha euro zako zilivyo na kubadili euro 100 nzima kutoka salio la dola. Kama kuna malipo makubwa yanakuja, jaza salio kwanza, na uzidishe kidogo.

Hoteli na kampuni za kukodisha magari zinahitaji uangalifu zaidi. Huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, wakati mwingine kikubwa kuliko bili yenyewe. Salio lisipotosheleza dhamana hiyo, kadi inaweza kushika sarafu nyingine. Na bidhaa iliyolipiwa kwa kubadili ikirudishwa, marejesho huweza kuja kwa kiwango cha siku ya marejesho, ambacho si kile ulicholipia.

Halafu kuna swali linalotokea kwenye mashine ya kadi au ATM: ulipe kwa sarafu ya hapa au kwa sarafu ya kadi yako? Chagua sarafu ya hapa, sarafu ya muuzaji. Ukichagua ya kadi yako, kiwango kitawekwa na mwenye mashine au benki yake, na mara nyingi kina nyongeza ya asilimia kadhaa. Kwa mwenye akaunti ya sarafu nyingi mtego huu ni mkali kuliko kwa wengine. Mashine haiyaoni masalio yako. Inasoma tarakimu za mwanzo za kadi, inatambua imetolewa wapi, na kudhani hiyo ndiyo sarafu yako. Mfasiri mwenye kadi iliyotolewa Ulaya na dola tele kwenye salio akilipa mahali panapotumia dola, mashine itampa ofa ya kulipa kwa euro. Akikubali, salio lake la dola litakaa bila kuguswa, na atakuwa amelipa euro kwa kiwango kibaya ili kununua kitu ambacho angekilipia dola moja kwa moja.

Hatua ya 6: Jua wakati wa kubadili kwingine

Kubadili ndani ya akaunti hakushindi daima. Ziko hali tatu za kuzitazama.

Ya kwanza ni malipo ya kadi, ukiwa na kadi isiyotoza ada ya muamala wa kigeni. Visa na Mastercard zina viwango vyao vya kila siku, na kwa sarafu kubwa tofauti yake na kiwango cha kati kwa kawaida ni sehemu ndogo ya asilimia moja. Zote mbili zina kikokotoo kwenye tovuti zao, ambapo unaweza kuweka tarehe na sarafu ukaona kiwango. Kama akaunti yako inatoza asilimia 1.5 au 2 kubadili, kadi ya namna hiyo itakutoa kwa nafuu zaidi, na hutakuwa na haja ya kushika salio la sarafu utakayoitumia siku mbili tu. Kadi hiyo haikusaidii kulipa kodi kwa hawala ya benki, hivyo usiipime kwa kazi isiyo yake.

Ya pili ni kiasi kidogo. Ada yenye kima cha chini humeza miamala midogo. Ada yenye kima cha chini cha euro 1 kwenye kubadili euro 20 ni asilimia 5. Mahali penye ada ya namna hiyo, badili mara moja kwa mwezi kuliko mara nane.

Ya tatu ni kiasi kikubwa, na hapa tofauti inakuwa ya kweli kweli. Asilimia 0.5 ya dola 30,000 ni dola 150. Mawakala wa fedha za kigeni hujadiliana bei kwa kiasi kama hicho, nao inafaa kuwauliza kiwango huku kiwango cha kati kikiwa wazi mbele yako. Wakala wa uwekezaji kama Interactive Brokers hutoza kamisheni ya asilimia 0.002, na kima cha chini cha dola 2 kwa muamala, juu ya bei ya soko iliyo karibu sana na kiwango cha kati. Gharama hiyo ndogo ina masharti yake: akaunti yenyewe ni ya kuwekeza, ufunguzi wake una maswali mengi, fedha inayoingia inaweza kuzuiwa siku kadhaa kabla ya kutolewa, na wakala anaweza kumhoji mteja asiyefanya chochote zaidi ya kubadili fedha. Kwa mtu anayenunua nyumba nje, au anayelipa karo ya mwaka mzima, usumbufu huo una faida. Kwa dola 1,300 za kila mwezi, ambazo ada yake ni kama dola 6.50, sioni sababu.

Hatua ya 7: Amua kiasi cha kukiacha kwenye kila salio

Dola 539 alizobakiwa nazo mfasiri zinamtaka ajibu swali moja: atazitumia zikiwa dola? Akiwa na miezi mitatu ya programu mbele yake, dola 450 zina kazi tayari, na kuzibadili ni kujipeleka mwenyewe kwenye kubadili mara mbili. Zile 89 zinazobaki hazina kazi ya dola, na akiziacha akingoja kiwango kipande amegeuka mchezaji wa soko la fedha.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliondoa ukomo wa faranga 1.20 kwa euro, na faranga ikapaa kwa kiasi kikubwa asubuhi ileile. Tarehe 24 Juni 2016, baada ya Uingereza kupiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, pauni ilianguka kwa takriban asilimia 8 dhidi ya dola ndani ya siku moja. Asilimia 0.5 unayoihangaikia kwenye ada ni ndogo mbele ya mwendo wa namna hiyo. Shika sarafu kwa kadiri ya bili zako za sarafu hiyo, labda miezi miwili au mitatu, na kinachozidi kigeuze kuwa sarafu unayoishi nayo.

Angalia pia fedha yako iko kwa nani. Akaunti ya benki katika nchi za Umoja wa Ulaya ina bima ya amana hadi euro 100,000 kwa mteja kwa kila benki. Watoa huduma wengi wa sarafu nyingi wana leseni ya fedha za kielektroniki, si ya benki. Hao wanalazimika kutenga fedha za wateja mbali na zao, lakini bima ya amana kwa kawaida haiwahusu, na kampuni ikianguka kurudishiwa kunaweza kuchukua muda. Aina ya leseni huandikwa chini kabisa ya tovuti yao. Kwa matumizi ya mwezi leseni hiyo inatosha. Akiba ya miaka iweke benki.

Hatua ya 8: Soma taarifa ya akaunti ya mwezi wa kwanza

Pakua taarifa ya masalio yote kwa pamoja, kisha pitia mistari ya kubadili fedha mmoja mmoja. Kwa kila mstari, gawanya kilichofika kwa kilichotoka na ulinganishe na kiwango cha kati cha siku hiyo. Tofauti ikizidi sana ile asilimia uliyoahidiwa, tazama kwanza kama ilikuwa wikendi, kisha kama kulikuwa na ada ya kima cha chini, ndipo uwaandikie.

Tafuta pia mistari usiyoiamuru. Kubadili kulikotokea dakika ileile na malipo ya kadi kunaonyesha salio halikutosha. Malipo ya euro mahali palipotumia dola yanaonyesha mashine ilikubadilishia. Na ukiona dola zimegeuzwa euro tarehe 3, kisha euro zikageuzwa dola tarehe 9, rudi kwenye hatua ya 4, kata kiasi hicho kwenye ubadilishaji wa mwezi ujao, na ukiache kwenye salio la dola kikisubiri bili yake.